Ukanda Unaotambaa kwenye Skrini

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze kuhusu ule ukanda unaotokea kila mtu anapoipiga video skrini. Unaujua vizuri. Bao limefungwa dakika za nyongeza, umeelekeza simu kwenye televisheni ili umtumie mwenzako marudio. Kwa macho yako picha ni safi kabisa, lakini ukiifungua video unakuta ukanda mweusi, mnene, umekaa katikati ya uwanja na unapanda taratibu kuelekea juu. Ukifika juu unapotea, halafu mwingine unachipuka chini.

Hapo lawama huanza. Mmoja atasema televisheni imeshaanza kufa, mwingine atasema ni simu ya bei rahisi. Mimi nasema hakuna kilichokufa. Kuna vyombo viwili, kila kimoja kina mwendo wake, na hakuna mtu aliyevipatanisha. Skrini inachora picha upya mara kadhaa kila sekunde. Kamera nayo inafungua na kufunga jicho lake mara kadhaa kila sekunde. Ukanda ule ni tofauti ya miendo hiyo miwili, na ukijua kuisoma utaweza kuiondoa, mara nyingi kwa kugusa kitu kimoja tu.

Ili tuelewane, tuanzie kwenye televisheni ya chogo, kwa sababu pale jambo lenyewe linaonekana waziwazi. Najua wengi mmeshahamia kwenye flati, lakini chogo bado zipo majumbani, na watengeneza filamu wanaoigiza miaka ya zamani wanazitafuta kwa tochi.

Ndani ya lile chogo kuna mwale wa elektroni unaochora picha kwenye kioo, mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayefagia ua kwa ufagio mwembamba. Pale mwale unapopita panang'aa kwa muda mfupi sana, kisha panafifia. Kwa hiyo ukichukua nukta yoyote ya wakati, sehemu kubwa ya kioo imeshaanza kuzima. Ni jicho letu ndilo linaloshikilia mwanga na kutufanya tuone picha nzima. Huku kwetu televisheni ilikuja na mfumo wa PAL, tangu Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo ya rangi katika miaka ya 1970, na katika mfumo huo mwale unashuka kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde. Mshuko mmoja unachukua milisekunde 20, yaani 1/50 ya sekunde. Marekani wao walichagua mara 60, au kwa usahihi zaidi 59.94, ambapo mshuko mmoja unachukua karibu milisekunde 16.7. Mara hizo kwa sekunde ndizo tunazozihesabu kwa hezi, kwa hiyo nikisema skrini ya hezi 50 nina maana ya skrini inayochora upya mara 50 kwa sekunde.

Sasa ilete kamera. Shata ni ule muda ambao kamera inakusanya mwanga kwa ajili ya picha moja. Ukiona pameandikwa 1/100, maana yake jicho limefunguka kwa milisekunde 10. Katika milisekunde 10 mwale wa televisheni yetu utakuwa umechora nusu ya kioo tu, kwa hiyo nusu ya pili itatoka nyeusi kwenye picha. Hakuna fumbo lolote. Kamera imesema kweli: wakati jicho lake lilipokuwa wazi, nusu ile haikuwa imechorwa.

Weka shata 1/60 kwenye televisheni hiyo hiyo. Jicho linakaa wazi milisekunde 16.7, na mwale unahitaji 20, kwa hiyo umepungukiwa milisekunde 3.3. Gawanya kwa 20 utapata moja ya sita. Ukanda mweusi utakuwa na unene wa moja ya sita ya kimo cha skrini. Geuza sasa upande wa pili, uchukue televisheni ya Marekani ya mara 60 uipige kwa shata ya 1/50. Jicho limekaa wazi kupita mshuko mmoja, mwale umemaliza skrini nzima na kuanza tena, na sehemu moja ya kioo imechorwa mara mbili. Sehemu hiyo itatoka ikiwa imeng'aa kuliko nyingine, ukanda mweupe wenye unene wa moja ya tano ya skrini.

Hapo ndipo pana kipimo ambacho fundi kamera anakihitaji, na nashangaa ni wachache wanaokitumia. Ukanda mweusi unakwambia shata ni fupi mno, irefushe. Ukanda mweupe unakwambia shata ni ndefu mno, ifupishe. Huhitaji hata kujua skrini ina hezi ngapi. Unazungusha shata huku unatazama: ukanda mweusi unakonda, unakonda, unakuwa uzi, unapotea, na ukizidisha unarudi ukiwa mweupe. Pale ulipopotea ndipo shata imelingana na mshuko mmoja kamili wa skrini. Kamera za kazi za televisheni zina kitufe maalumu kwa ajili hiyo, kwenye nyingine kinaitwa "Clear Scan", kwenye nyingine "Synchro Scan" au "ECS", na kinakuruhusu kusogeza shata kidogo kidogo, mfano kutoka 50.0 kwenda 50.3. Skrini za chogo za kompyuta, ambazo nyingine zilikimbia kwa hezi 72, 75 au 85, zisingepigika bila kitufe hicho.

Nimezungumza muda wote huu kuhusu shata, na sijagusa kabisa idadi ya fremu, yaani kamera inapiga picha ngapi kwa sekunde, 24, 25 au 30. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ukiuliza vijana wa video watakwambia, "Skrini ni 50, basi weka 25, ukanda utaisha." Si kweli. Idadi ya fremu haiondoi ukanda. Inaamua tu kama ukanda utatembea au utasimama.

Jaribu mwenyewe kwenye chogo. Weka kamera fremu 25 na shata 1/200. Fremu zimelingana na televisheni, kwa kila fremu mwale unashuka mara mbili kamili. Lakini jicho linafunguka milisekunde 5 tu, kwa hiyo robo tatu ya skrini ni nyeusi. Tofauti ni kwamba huo weusi umetulia, hautambai. Sasa fanya kinyume: weka fremu 30, ambazo hazilingani kabisa na 50, lakini shata uiweke 1/50. Ukanda haupo, kwa sababu kila fremu, hata ingeanza wakati gani, imekusanya mshuko mmoja kamili. Labda ukikaza macho utaona uzi mwembamba pale mwisho wa mshuko ulipokutana na mwanzo wake, na uzi huo utakuwa unarukaruka. Lakini picha nzima ipo.

Kwa hiyo mambo ni mawili, na kila moja lina kazi yake. Shata inaamua kama ukanda upo na una unene gani. Fremu zinaamua kasi yake. Kuna mfano mmoja wa kasi hiyo ninaoupenda. Kamera nyingi zinazoandika 30 kwa kweli zinapiga 29.97, na skrini za kompyuta zinazosema 60 nyingi ni 60 kamili. Mara mbili ya 29.97 ni 59.94, tofauti ni 0.06 tu. Ukigawanya 1 kwa 0.06 unapata karibu 17. Maana yake, kama shata haijalingana, ukanda utapita skrini nzima mara moja kila sekunde 17. Mpiga picha akijaribu kwa sekunde tatu ataapa kwamba umesimama, kumbe mahojiano ya nusu saa yatakuwa na ukanda unaotembea taratibu kama kivuli.

Wenzetu wa filamu walihangaika na hili miaka mingi. Kamera ya filamu inapiga fremu 24, na shata yake ya kawaida, lile duara lililokatwa nusu, inatoa 1/48 ya sekunde. Kwenye televisheni ya Marekani hiyo inazidi mshuko mmoja kwa robo nzima. Dawa yao moja ilikuwa kubana lile duara kutoka nyuzi 180 mpaka nyuzi 144, ambapo 1/24 ikizidishwa kwa 144 na kugawanywa kwa 360 inakuwa 1/60 barabara. Dawa ya pili ilikuwa ya gharama zaidi: waliibadili televisheni yenyewe ili ikimbie kwa mwendo wa kamera. Sisi wa hezi 50 tulikuwa na unafuu. Ukiikimbiza kamera kwa fremu 25 badala ya 24, shata ileile ya nusu duara inakupa 1/50, na kazi imekwisha. Filamu inakuwa ndefu kwa karibu asilimia 4 ikionyeshwa kwa 24, lakini nani amewahi kulalamika?

Tuje kwenye flati. Hapa wengi watasema, "Flati haina mwale, basi haina ukanda." Kwa sehemu ni kweli. Skrini ya LCD ikishachora nukta inaishikilia mpaka picha ifuatayo, haifi katikati. Kinachotuletea ukanda kwenye LCD mara nyingi ni taa iliyo nyuma ya kioo. Ukipunguza mwangaza wa skrini, skrini nyingi haziifanyi taa hiyo kuwaka kwa unyonge. Zinaizima na kuiwasha haraka sana, labda mara 240 kwa sekunde, na kadiri unavyopunguza mwangaza ndivyo muda wa kuzima unavyokuwa mrefu. Simu zenye skrini ya OLED nazo nyingi hufanya mchezo kama huo.

Kamera nyingi za siku hizi, pamoja na simu karibu zote, hazifungui picha nzima kwa pamoja. Zinasoma safu moja moja kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo safu ya juu inaweza kukusanya mizunguko mitano ya ile taa, na safu iliyo chini yake kidogo ikakusanya minne, na hapo kanda zinajitokeza. Kanuni inabaki ileile ya chogo, ila imepanuka: muda wa shata lazima ubebe idadi kamili ya mizunguko ya mwanga, bila kipande kinachobaki. Mara 240 kwa shata ya 1/60 ni mizunguko 4 kamili, picha safi. Mara 240 kwa shata ya 1/50 ni mizunguko 4.8, na ile 0.8 ndiyo inayochora kanda. Hata kuzitofautisha ni rahisi. Ukanda mmoja mnene unaotambaa ni mchoro wa skrini yenyewe. Kanda nyingi nyembamba, kama mistari ya shuka la kimasai, ni taa ya nyuma. Ukiona kanda za rangi, nyekundu, kijani na bluu, hiyo ni projekta yenye gurudumu la rangi ndani yake, na yenyewe pia inatibiwa kwa kuilinganisha shata na hezi inazopokea.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili, nalo ni yale mawimbi kama ya hariri yanayojitokeza ukiipiga skrini kwa karibu. Hayo hayana uhusiano wowote na shata. Ni nukta za skrini zinazogongana na nukta za kamera. Sogea nyuma kidogo, au ilegeze fokasi kidogo, yatapungua. Ukizungusha shata kuyatafuta, utazunguka mpaka jioni.

Sasa twende mahali halisi. Chukua steshenari yoyote ya mjini, Dar es Salaam au Mwanza. Unataka kumhoji mwenye duka. Ameketi mezani, nyuma yake kuna monita ya kompyuta yenye fomu anayoijaza, ukutani juu kuna televisheni flati inayoonyesha taarifa ya habari kutoka kwenye king'amuzi, na darini zinawaka taa mbili za tyubu, zile ndefu za zamani zenye stata. Kwa jicho ni ofisi ya kawaida. Kwa kamera ni vyanzo vitatu vya mwanga vyenye miendo mitatu.

Taa za tyubu zinafuata umeme wa gridi, hezi 50, lakini zinafifia mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni mara 100 kwa sekunde. King'amuzi kinaipa televisheni picha za hezi 50. Monita ya kompyuta iko kwenye 60, kwa sababu kompyuta karibu zote hutoka kiwandani hivyo, hata zikiletwa katika nchi ya hezi 50. Ukiweka shata 1/50, taa za tyubu zinatoa mizunguko 2 kamili, safi. Televisheni inatoa mmoja, safi. Monita pekee ndiyo inayokataa. Ukiifuata monita ukaweka 1/60, taa zinatoa mizunguko 1.67, na ukuta mzima nyuma ya mama wa watu unaanza kupigwa kanda hafifu zinazotembea. Umemponya mmoja umewaumiza wawili.

Mimi katika hali hiyo naanza na fremu 25 na shata 1/50, halafu namwendea mkorofi mmoja. Hatua ya kwanza ni kuongeza mwangaza wa monita mpaka 100. Skrini nyingi zikifika mwangaza wote zinaacha kabisa kuzima na kuwasha taa ya nyuma, inawaka mfululizo, na kanda zote zinatoweka palepale. Inashangaza jinsi watu wanavyofanya kinyume: wanaona monita inang'aa mno kuliko uso wa mtu, wanaipunguza, na hapo ndipo wanapozizalisha zile kanda. Ikiwa inang'aa mno, acha mwangaza ulivyo, ondoa ile fomu nyeupe, fungua kitu chenye rangi ya kijivu au ya giza, au mwongezee mtu wako taa usoni.

Kama mwangaza wote haukusaidia, hatua ya pili ni kuihamisha monita yenyewe iende 50. Kwenye Windows unafuata njia hii:

```
Settings > System > Display > Advanced display > Choose a refresh rate
```

Ukiona 50 kwenye orodha, chagua. Baadhi ya monita zitazima na kuandika "Out of range". Usishtuke, usiguse kitu, baada ya sekunde 15 bila kuthibitisha, Windows inarudi yenyewe kwenye hali ya zamani. Skrini za ndani za laptopu mara nyingi hazina 50 kwenye orodha. Televisheni zilizounganishwa kwa waya wa HDMI ndizo zinazokubali kirahisi.

Hatua ya tatu, ikiwa zote mbili zimegoma, ni kuzima tyubu na kutumia mwanga wa dirisha au taa zako za video, halafu kufuata 1/60. Kwa taa za tyubu za kielektroniki au taa nzuri za LED huenda hata usihitaji kuzima, kwa sababu hazichezi kwa namna inayoonekana. Lakini usiamini maneno yangu wala maandishi ya kwenye boksi. Rekodi sekunde kumi za ukuta mweupe, uzicheze, utazame.

Nasema ucheze kile ulichorekodi, kwa sababu kioo cha kamera yako nacho ni skrini, kina mwendo wake. Kinaweza kukuonyesha kanda ambazo kwenye faili hazimo, na kinaweza kuficha zilizomo. Na unapopima, jaza skrini ukurasa mweupe. Kwenye picha ya giza kanda zinajificha, halafu zinakuja kukutokea siku mteja amefungua jedwali jeupe katikati ya mahojiano.

Jambo moja zaidi la steshenari yetu: umeme ukikatika wakaiwasha jenereta. Jenereta ndogo isiyo na mzigo mkubwa inaweza kukimbia kidogo juu ya 50, tuseme 52. Taa za tyubu sasa zinacheza mara 104, na shata yako ya 1/50 inabeba mizunguko 2.08. Kanda hafifu zinaanza kuelea ukutani, na fundi anarudi kuihangaikia monita iliyokwisha tulia. Monita na televisheni hazina habari na jenereta, kwa sababu mwendo wao unatoka kwenye saa iliyo ndani yao. Kanda zikitokea ukutani na kwenye uso wa mtu, ni taa. Zikiwa ndani ya skrini peke yake, ni skrini.

Mnaotumia simu mtaniuliza, shata yenyewe naipata wapi? Kamera ya kawaida ya simu inajichagulia shata, na inabadilisha katikati ya video kadiri mwanga unavyobadilika, kwa hiyo ukanda unaweza kuja na kuondoka bila wewe kugusa chochote. Kwenye simu nyingi za Android tafuta sehemu ya video ya kitaalamu, "Pro Video", au pakua programu ya Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure, uweke na kufunga shata mwenyewe. Kwenye aifoni, fremu 25 zimefichwa: nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe "Show PAL Formats". Hiyo inakupa fremu tu, haikupi shata, na baada ya tuliyozungumza nadhani unajua kwa nini haitoshi.

Niguse kidogo zile skrini kubwa za LED za harusi na mikutano ya hadhara. Hizo zina taa ndogondogo zinazowaka na kuzima haraka sana, mara 1,920 kwa sekunde kwenye paneli za kawaida, mara 3,840 kwenye zile zilizotengenezwa kwa kufikiria kamera. Kwa shata ya 1/50, mizunguko inayoingia ni 38 na kipande, na hicho kipande kati ya 38 hakionekani. Tatizo linakuja mchana wa jua. Simu inaona mwanga mkali, inashusha shata hadi 1/1000, na sasa inapokea mizunguko 1.92 tu. Skrini nzima inajaa mistari, na mwenye skrini anatukanwa bure. Dawa ni kioo cheusi mbele ya lenzi, ile filta ya ND, inayokula mwanga ili shata iweze kubaki 1/50. Studio kubwa zinaenda mbali zaidi, zinaifunga kamera na skrini kwenye saa moja ili kila fremu ianze pamoja na mchoro wa skrini, lakini hilo linahitaji vyombo ambavyo mpiga picha wa harusi habebi begani.

Kwa wapiga picha mnato kuna shata moja ambayo mtu wa video hawezi kuitumia. Ni 1/20. Ndani ya 1/20 ya sekunde, monita ya 60 inatoa mizunguko 3 kamili, na taa za tyubu za mara 100 zinatoa 5 kamili. Wote wawili wanaridhika kwa pamoja. Video ya fremu 25 haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/25 kwa fremu, kwa hiyo haiifikii. Ile televisheni ya ukutani ya hezi 50 itapata michoro miwili na nusu, lakini kama ni flati iliyowashwa mwangaza wote haitaleta matata. Weka kamera kwenye miguu mitatu, mwambie mtu wako atulie.

Na kama skrini imekataa kila kitu, hezi zake hazijulikani, mwangaza haubadiliki, na mwenyewe haruhusu iguswe? Mafundi wa filamu wana njia yao, na si aibu kuitumia. Wanaizima skrini kabisa, wanabandika alama ndogo nne kwenye pembe zake, wanapiga mahojiano yote skrini ikiwa nyeusi, halafu picha ya skrini wanaibandika wakati wa kuhariri, wakifuata zile alama nne. Hakikisha tu mkono wa mtu haukatizi mbele ya skrini, maana hapo mhariri atalazimika kuukata mkono huo fremu kwa fremu.